Betri za AA za kuchaji zinazoisha zenyewe baada ya siku chache: namna ya kumkamata mwizi wa chaji

Unachaji betri nne jioni, chaja inaonyesha zimejaa, unazitia kwenye flashi ya kamera na kuiweka begini. Siku ya sita unaitoa, unabonyeza swichi, kimya. Haijapiga hata picha moja tangu ichajiwe.

Flashi hiyo ilikuwa yangu, na betri zilikuwa za aina ya Ni-MH, yaani nikeli na haidraidi ya metali, zilizoandikwa 2500 mAh ubavuni, namba ya kiasi cha chaji ambacho betri inaweza kubeba. Nilichofanya kwanza ni kile ambacho wengi hufanya: nikazichaji tena, nikazijaribu papo hapo, zikafanya kazi vizuri, nikajiambia labda nilisahau kuzima flashi. Wiki iliyofuata mambo yakawa yale yale. Hapo ndipo nilipokaa chini na kalamu.

Betri ya namna hii ikiisha upesi, wezi wanaowezekana ni watatu. Huenda kifaa kinanyonya chaji hata kikiwa kimezimwa. Huenda chaja ilidanganywa ikaacha kuchaji mapema, kwa hiyo betri haikujaa tangu mwanzo. Au betri yenyewe inapoteza chaji ikiwa imelala tu mezani, jambo nitakaloliita kuvuja chaji. Sisemi juu ya ule ukoko mweupe unaotoka kwenye ncha za betri. Huo ni uvujaji wa elektroliti, yaani kemikali ya majimaji iliyo ndani ya betri, na ni habari nyingine. Wezi hawa watatu wanafanana sana ukiwatazama kutoka kwenye kifaa kilichokufa, kwa hiyo kazi yote ni kuwatenganisha.

Utahitaji chaja inayochaji kila betri kivyake, inayoonyesha mAh kwenye skrini, na yenye uwezo wa kumwaga chaji na kuipima. Multimeta itasaidia kidogo. Kalamu ya wino usiofutika ni lazima.

Hatua ya 1: Zipe betri majina na zitoe kwenye kifaa

Andika A, B, C, D ubavuni mwa kila betri. Inaonekana jambo la kitoto, lakini betri nne zinazofanana zikichanganyika mara moja tu, vipimo vyako vyote vimekufa. Kuanzia hapa hazirudi kwenye kifaa mpaka kipimo kiishe. Kwa kuzitoa tu umeshamweka kando mwizi wa kwanza: betri ikiisha ikiwa mezani, kifaa hakina hatia.

Hatua ya 2: Hakikisha chaja inajua kweli betri imejaa lini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoharibu betri zangu mwenyewe.

Betri ya lithiamu ni rahisi kwa chaja: ina volti yake ya kikomo, ikifika hapo kazi inakaribia kwisha. Betri ya Ni-MH haina namba kama hiyo. Volti yake wakati wa kuchajiwa inategemea mkondo unaoingia, joto la chumba na umri wa betri. Moja inaweza kujaa ikiwa kwenye volti 1.45, nyingine ikafika 1.52, na zote ni nzima. Kwa hiyo chaja nyingi janja haziulizi volti ni ngapi. Zinauliza volti inaelekea wapi.

Mambo yanakwenda hivi. Betri ikiwa inaendelea kujaa, volti yake inapanda polepole. Ikikaribia kujaa, bamba chanya halina tena mahali pa kuweka chaji, basi umeme unaoingia unaanza kutengeneza oksijeni. Oksijeni hiyo inavuka hadi bamba hasi na kuungana tena huko, na muungano huo unatoa joto. Betri inapata moto, na betri ya Ni-MH ikipata moto volti yake inashuka. Kwa hiyo ukiichora volti hiyo kwenye karatasi utaona mlima: volti inapanda, inafika kileleni, kisha inateremka kidogo. Chaja inavizia ule mteremko. Ikiona volti imeshuka kutoka kileleni kwa kiasi fulani, inakata mkondo na kuandika `Full`.

Kiasi hicho ni kidogo mno, kama milivolti 5 hivi kwa betri moja. Betri za zamani za nikeli na kadimiamu zilikuwa zikionyesha mteremko mkubwa zaidi, na ndiyo maana chaja ya enzi hizo si ya kuaminiwa na betri za Ni-MH: inasubiri mteremko usiokuja, huku betri inapikwa.

Na hapa kuna jambo linalokwenda kinyume na akili ya kawaida. Mteremko ule unatokana na joto, na joto linatokana na mkondo. Ukichaji kwa mkondo mdogo, joto linatoka taratibu na kupotea hewani, na kilele kinakuwa kama kilima kilicholala. Chaja haioni kitu. Betri ya 2000 mAh ikichajiwa kwa 1000 mA, yaani nusu ya uwezo wake, inatoa ishara inayosomeka vizuri. Ikishuka chini ya takriban 600 mA ishara inaanza kufifia.

Mimi nilikuwa naweka 500 mA kwa betri za 2500, nikiamini polepole ndiyo salama. Kumbe hapo ndipo pabaya kuliko pote: mkondo ni mdogo mno kutoa ishara, na ni mkubwa mno kwa betri iliyojaa kuuvumilia usiku kucha. Asubuhi moja nilikuta skrini ya D inasoma 4100 mAh na bado inahesabu. Betri ya 2500 haiwezi kubeba 4100. Karibu saa tatu za mwisho, umeme wote ulikuwa unageuka joto, nusu ampea kwa volti moja na nusu hivi, sawa na robo tatu ya wati ndani ya kijibetri cha ukubwa wa kidole. Niliigusa nikaiachia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwaga kwanza chaji yote kwa kutumia chaja, mpaka ikatize yenyewe kwenye volti 0.9 au 1.0. Kisha chaji kwa mkondo wa nusu ya namba iliyoandikwa kwenye betri, au karibu na hapo kadiri chaja yako inavyoruhusu, na utazame mambo mawili: mAh zilizoingia na joto la betri mwishoni.

Betri tupu ya 2500 itapokea zaidi kidogo ya uwezo wake halisi, kwa kuwa si umeme wote unaoingia unaohifadhiwa. Ukiona 2400 hadi 2800, chaja imefanya kazi yake. Mwishoni betri itakuwa vuguvugu, na hiyo ni dalili njema. Bila joto hilo chaja isingejua pa kuishia. Ikiwa ya moto hadi huwezi kuishika mkononi, chaja imepitiliza.

Ukiona imeandika `Full` baada ya 300 au 400 tu, mwizi wa pili amejitokeza. Betri iliyokaa miezi bila kutumika mara nyingi hutoa kilele cha uongo dakika za mwanzo: volti inaruka juu, inateremka kidogo, na chaja inadhani ndiyo mwisho. Chaja nzuri hupuuza mteremko wa dakika chache za kwanza kwa sababu hiyo hiyo. Itoe, irudishe, uanze upya. Mara nyingi mara ya pili inakwenda mpaka mwisho.

Sababu nyingine ya kukatika mapema ni mkono wako. Tuseme mkondo ni ampea 1 na umeisukuma betri kidogo kwenye nafasi yake ili kuona kama imepata moto. Mguso wa chuma ukibadilika kwa sehemu moja tu ya mia ya omu, volti inayosomwa inaruka kwa milivolti 10, mara mbili ya ule mteremko unaoviziwa. Chaja nyingi hukata mkondo kwa kitambo kidogo kabla ya kupima ili kukwepa tatizo hili, lakini si zote. Futa ncha za betri na vyuma vya chaja kwa kitambaa kikavu kabla ya kuanza, na usizichezee mpaka zimalize. Joto unaweza kulipima kwa kugusa ubavu kwa ncha ya kidole bila kusukuma.

Hatua ya 3: Pima uwezo papo hapo

Betri zikishajaa, ziache saa moja zipoe, kisha zimwage kwa kipimo cha chaja, kwa mkondo wa 500 mA au karibu na hapo. Andika namba ya kila moja. Zangu zilitoa hivi: A 2190, B 2230, C 2160, D 2040.

Itazame hiyo D. Imepungukiwa kidogo na wenzake, lakini ni nani angeishuku? Mtu akikuuzia betri nne zilizotumika na kukuonyesha namba hizi, utalipa na kushukuru. Kipimo cha papo hapo kinakuambia ndoo ina ukubwa gani. Hakikuambii kama ina tundu.

Hatua ya 4: Zilaze siku 7, kisha pima tena

Zichaji upya zote kwa mkondo ule ule, zitoe kwenye chaja na uziweke mezani au kabatini mahali penye kivuli. Kuzitoa ni muhimu. Chaja nyingi huendelea kutia mkondo mdogo baada ya kuandika `Full`, na mkondo huo utaficha uvujaji unaoutafuta. Na chaja iliyochomolewa ukutani inaweza kuzinyonya.

Joto ni adui wa kipimo hiki. Betri iliyolala ndani ya gari lililofungwa juani itavuja haraka kuliko ile ile ikiwa chumba chenye ubaridi, kwa hiyo weka zote nne pamoja, ili kama ni kuadhibiwa ziadhibiwe sawa.

Kama huna subira, multimeta inaweza kukudokeza kitu baada ya saa 24. Betri nzima iliyotoka kwenye chaja na volti 1.42 hivi huwa imetulia kwenye 1.36 au zaidi siku ya pili. Ile inayovuja vibaya tayari imeshuka chini ya 1.30. Lakini tumia namba hizo kulinganisha ndugu kwa ndugu tu. Katikati ya safari yake volti ya Ni-MH hukaa karibu palepale kwa muda mrefu, hivyo betri yenye robo tatu na yenye theluthi zinaweza kusoma karibu sawa.

Siku ya saba nilizimwaga. A ilitoa 1840, B 1890, C 1790. D ilitoa 420.

Sasa piga hesabu. Toa namba ya pili kwenye ya kwanza, gawanya kwa ile ya kwanza. A ilipoteza 350 kati ya 2190, asilimia 16. B asilimia 15, C asilimia 17. D ilipoteza 1620 kati ya 2040, karibu asilimia 80 kwa wiki moja bila kufanya kazi yoyote.

Hatua ya 5: Soma matokeo

Betri za Ni-MH za kawaida, hasa zile zenye namba kubwa ubavuni, huvuja kwa asili. Siku ya kwanza baada ya kuchajiwa ndiyo mbaya zaidi, baadaye kasi inapungua. Kwa hiyo asilimia 15 hadi 20 kwa wiki kwa betri ya miaka kadhaa kama A, B na C haipendezi, ila si ugonjwa. Mimi mpaka wangu ni nusu: iliyopoteza nusu ya chaji kwa wiki siiwekei kifaa chochote kinachotakiwa kungoja.

Ndani ya betri yanayotokea ni haya. Bamba hasi ni aloi inayohifadhi haidrojeni. Sehemu ya haidrojeni hiyo hupenya hadi upande wa pili na kula chaji ya bamba chanya. Bamba chanya nalo likiwa limejaa halitulii, huachia oksijeni kidogo kidogo. Kati ya mabamba hayo kuna kitenganishi, utepe mwembamba uliolowa elektroliti, na hapo ndipo umri unapoonekana: chembe za metali kutoka kwenye aloi hutua ndani yake na kujenga vijidaraja vya kupitisha umeme. Betri iliyopikwa kama D yangu inazeeka haraka kwenye sehemu hiyo hiyo.

Kwa nini basi flashi nzima ilikufa, wakati betri tatu zilikuwa na zaidi ya 1700? Kwa sababu zimepangwa kwa mfuatano, na mkondo unaopita kwenye A lazima upite kwenye D. D ikiisha, wenzake wanaendelea kusukuma mkondo ndani yake mpaka volti yake inageuka, chanya inakuwa hasi. Flashi inaona jumla ya volti imeanguka na inakataa. Na kila ugeuzwaji wa namna hiyo unaiumiza D zaidi.

Betri mbovu moja inaweza pia kuua jirani yake kwenye chaja. Chaja yangu ya kwanza, ile iliyokuja bure pamoja na betri, ilikuwa inachaji mbili mbili. Fikiria C na D zimewekwa pamoja baada ya wiki: C inahitaji kama 370 kujaa, D inahitaji 1620. Ikiacha C ilipojaa, D haijafika hata nusu. Ikiendelea mpaka D ijae, C inapikwa. Hakuna mkondo wala mpangilio utakaorekebisha hilo. Kama chaja yako ina taa moja kwa kila jozi ya nafasi, hapo pana uwezekano mkubwa ni ya aina hii.

Hatua ya 6: Jaribu kufufua, lakini ujue unafufua nini

Kuna dawa moja inayofaa kujaribiwa: chaji ya saa 16 kwa mkondo wa sehemu moja ya kumi ya uwezo, yaani 250 mA kwa betri ya 2500, ukianza na betri tupu. Mkondo huu ni mdogo kiasi kwamba betri inaweza kustahimili kupitilizwa, na hapa hutegemei chaja kuona mteremko. Unategemea saa yako. Weka kengele ya simu. Baada ya hapo imwage na kuichaji kawaida mara mbili au tatu.

Dawa hii inasaidia betri iliyolala muda mrefu, ile inayotoa vilele vya uongo na kuonyesha uwezo mdogo. Niliwahi kuona betri iliyokuwa inatoa 1100 ikapanda hadi 1700. Haizibi tundu, lakini. D niliipa saa zake 16 na mizunguko mitatu. Uwezo wake wa papo hapo ulipanda hadi 2090, nikafurahi, nikailaza wiki, ikatoa 460. Vijidaraja ndani ya kitenganishi haviondoki kwa kuchajiwa.

Betri kama hiyo ina kazi moja iliyobaki: kifaa kinachotumika siku ile ile inapotoka kwenye chaja, na kinachotumia betri moja pekee, ili isigeuzwe na wenzake. Kama huna kifaa hicho, ipeleke panapokusanywa betri chakavu. Usiitie motoni.

Hatua ya 7: Unaponunua nyingine, usifuate namba kubwa

Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ilitoa betri za eneloop, za Ni-MH zenye uvujaji mdogo, na tangu hapo watengenezaji wengine wana za kwao. Utazitambua kwa sababu zinauzwa zikiwa tayari zina chaji. Betri ya kawaida isingefika dukani na chaji ya maana. Za ukubwa wa AA kwa kawaida huandikwa 2000 mAh hivi, na mnunuzi anaona 2700 pembeni yake na kudhani anaibiwa. Lakini ili kupata 2700 ndani ya kopo lile lile, lazima vitu vya ndani vibanwe, na kitenganishi kiwe chembamba. Kwa kifaa kinachomaliza chaji siku moja, 2700 ina maana. Kwa flashi ya begini, rimoti au tochi ya dharura, ile ya 2000 itaipita baada ya wiki chache tu. Ukikutana na AA ya Ni-MH iliyoandikwa 3500, wino umezidi kilichomo.

Nilinunua nne za uvujaji mdogo na kuzipitisha kwenye kipimo kile kile, ila hizi nilizilaza siku 30 badala ya 7. Ya kwanza ilitoa 1985 papo hapo na 1890 baada ya mwezi. Zilizobaki zilikaribiana nayo. Nazichaji kwa 1000 mA. A, B na C ziko kwenye kipaza sauti kidogo kinachochajiwa kila siku mbili, zina herufi zao bado, na nafasi ya D imechukuliwa na moja ya zamani iliyopimwa 2150.